Kengele ya Baba Mkwe

Mimi si mtu wa kunyamaza. Waulize majirani zangu hapa Ndandalo, watakwambia sauti yangu hufika dukani kabla yangu. Nikimfokea mbuzi aliyeingia kwenye mpunga, nyumba ya pili wanadhani nawasema wao. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anakaa ua mmoja na mwanaume ambaye hajawahi kumsemesha neno wala kumtazama usoni tangu alipoolewa. Mwanaume huyo ni baba mkwe wangu, na nampenda.

Wageni nikiwaeleza wananicheka. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Tunaita ukutila. Yeye akipita, unajibanza pembeni, unageuza uso, unajifunika kanga. Ndani kwake huingii naye akiwemo. Jina lake hulitaji hata likiwa ndilo jina la kitu unachokitaka dukani. Siku hizi wengi wamelegeza, hasa waliohamia mjini. Yeye hakulegeza, na mimi nani hata nimfundishe mzee maisha? Mama mkwe alipokuwa hai ndiye aliyekuwa akipeleka maneno kwake na kuleta kwangu, akiongeza na ya kwake katikati, maana alipenda utani. Alipofariki tukamzika pembeni ya nyumba kwenye migomba, na kazi ya kupeleka maneno ikawa ya watoto. Chakula pia walipeleka wao. Mimi nilijua kama ameshiba kwa kutazama sahani inavyorudi.

Basi mwaka huu, mvua za masika zikiwa zimekolea, baba mkwe akaanguka.

Miguu yake ilikuwa imeshaanza kumgomea. Mume wangu, anayefanya kazi ya kupakua mizigo ya malori kule Kasumulu mpakani, alikuwa amemnunulia ile kengele ya betri isiyo na waya. Unabonyeza huku, inaimba kule wimbo wa ajabu kama wa gari la kuuza barafu. Siku ile betri ilikuwa imekwisha na hakuna aliyejua. Mzee aliteleza kizingitini kwake, akabonyeza akiwa chini, akabonyeza tena, na mimi nipo jikoni ng'ambo ya ua napepeta mchele. Aliita. Lakini mvua ya huku Kyela ikipiga bati, hata mimi mwenyewe sijisikii. Watoto ndio waliomkuta waliporudi shule, amelowa, anatetemeka, na neno lake la kwanza likawa eti wasimwambie mtu.

Wakaambiwa wote, ndiyo. Wifi yangu, dada wa mume wangu anayeishi Mbeya, akapiga simu. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipojua ni jambo zito. "Wifi, sikulaumu. Lakini Jumapili baada ya ibada nakuja kumchukua. Hawezi kukaa peke yake kwenye nyumba ile tena."

Kumchukua. Mzee ambaye akilala Mbeya siku mbili anaulizia kakao yake imekauka au la. Mzee anayekaa mlangoni kwake asubuhi mpaka jioni, na najua anachokaa kukitazama, kwa sababu kiti chake kimegeuzwa kidogo kuelekea migombani. Nilipowasikia watoto wakimwambia kwamba shangazi anakuja, nilikuwa nyuma ya jiko. Hakubisha. Aliuliza tu, "Na huko nitakaa nikitazama nini?" Nikalia palepale na ungo mkononi, na aliyeniambia kulia ni kwa wajinga aje anieleze nilipaswa kufanya nini.

Nilichofanya ni kumpigia mume wangu. Nikamwambia, lete transfoma ya kengele, lete kengele ya kweli, ile ya sahani ya chuma yenye kinyundo, na swichi ya kubonyeza. Mambo ya betri mwachie mtoto wa mwenzako achezee. Kabla ya kuolewa nilijifunza ufundi wa umeme wa majumbani, na mikono haisahau.

Alikuja usiku mmoja tu, akaondoka alfajiri, maana malori hayangojei. Akaipigilia swichi kwenye fremu ya mlango wa baba yake, chini, mahali ambapo mtu aliyekaa kitini au aliyeanguka anaifikia. Waya wake akautoa kwa dirisha la nyuma, akauacha unaning'inia. Anamjua mkewe. Mbele ya mlango ule mimi sipiti, na mzee siku hizi haondoki pale.

Mengine yote yakawa yangu. Nilizima swichi kuu ya nyumba yetu kwanza, kwa sababu upande mmoja wa transfoma unaingia umeme wa nyumba, ule wa kuua. Upande wa pili unatoka umeme mdogo wa volti chache, ambao hata mtoto akiukanyaga na miguu ina maji, hauna shida naye. Huo mdogo ndio unaovuka ua. Mzunguko wake ni rahisi: waya mmoja unatoka transfoma kwenda kwenye kengele, mwingine unatoka transfoma kwenda mpaka swichi, na kutoka swichi unarudi kwenye kengele. Mzee akibonyeza, njia inafunga, kinyundo kinacheza. Akiachia, njia imekatika.

Waya nilioupata ulikuwa roli la waya mwembamba wa simu, tulilobakiwa nalo. Nikaupitisha nyuma ya jiko, nikafuata mstari wa mikakao, nikazunguka migomba yote, nikapita pembeni ya kaburi la mama mkwe, nikatokea dirisha la nyuma la mzee. Nikasokota na ule uliokuwa unaning'inia, nikafunga kipande cha mfuko wa plastiki. Nikarudi jikoni, nikawasha umeme, nikamtuma binti yangu mkubwa akamwambie babu abonyeze.

Kengele ikakohoa. Ti. Ti-ti. Basi.

Yaani nilitegemea kengele, nikapata panya kwenye gunia.

Nikatazama transfoma. Ilikuwa na matundu matatu ya kutolea, la sifuri, la volti nane na la kumi na mbili, na kengele yenyewe imeandikwa kumi na mbili mgongoni. Mimi kwa haraka zangu nilikuwa nimefunga kwenye nane. Loo! Nikajiita jina ambalo sitaliandika hapa, nikazima, nikahamisha. Ikapata nafuu kidogo, ila kwa kweli ungeisikia tu kama umesimama chini yake na hupepeti kitu. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi haikulia kabisa.

Hilo la asubuhi halikunisumbua sana. Nilikwenda dirisha la nyuma nikakuta maji yameingia kwenye mfuko na pale niliposokota shaba imekuwa ya kijani. Nikakata, nikamenya upya mpaka shaba ing'ae, nikasokota kwa koleo na kuzungushia tepu ya umeme, kiungo chenyewe nikakigeuza kielekee chini maji yasikae. Kengele ikarudi. Lakini ikarudi na ugonjwa wake uleule, ti-ti, ti.

Hapo ndipo mita yangu ya kupimia volti ilinidanganya. Tuseme haikunidanganya, nilikuwa naiuliza swali baya. Nilipima palepale dirishani, kwenye waya mbili zinazokwenda kwa swichi, wakati hakuna aliyebonyeza. Ikasoma kumi na mbili kamili. Nikasema, haya, waya ni mzima, mgonjwa ni kengele. Nikaishusha, nikaifungua, nikasugua ncha za kinyundo kwa msasa, nikageuza skrubu ya kurekebisha mbele, nikairudisha nyuma. Wapi! Mwishowe, kwa hasira, nikaifunga moja kwa moja kwenye transfoma kwa vipande vifupi vya waya. Ililia, jamani! Kuku waliruka, na kitinda mimba wangu aliyekuwa mgongoni akaamka akapiga yowe.

Basi kengele nzima, transfoma nzima. Ugonjwa uko njiani. Na ugonjwa wa njiani hauonekani umeme ukiwa umesimama. Unaonekana ukitembea. Ilinibidi nipime kwenye kengele wakati swichi imebonyezwa. Lakini swichi iko mlangoni kwa mzee, na mimi niko hapa, na mikono yangu ni miwili. Ilikuwa Ijumaa. Watoto wako shule. Jirani wa kumwita, naye ni mkamwana kwake kwa ukoo. Mtu pekee aliyekuwepo wa kubonyeza alikuwa yeye mwenyewe, na yeye ndiye mtu pekee duniani nisiyeweza kumwita.

Nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko, mahali ambapo hanioni. Nikamtingisha mtoto mgongoni, huyu ambaye maneno yake yote yalikuwa "ba" na "ta", nikasema kwa sauti yangu ile inayofika dukani:

"Mwanangu, mwambie babu abonyeze, na asiachie!"

Nikawaza, leo nimevuka, leo atakwenda Mbeya kwa hiari yake kuniepuka.

Ti-ti, ti, ti.

Mita ikashuka kutoka sifuri, hapana, nisichanganye: kwenye kengele, kabla hajabonyeza, hapakuwa na kitu. Alipobonyeza ikapanda mpaka tano na kidogo, ikagota hapo. Nikaruka kwenye transfoma. Pale bado ilikuwa karibu kumi na mbili. Zaidi ya nusu ya umeme wangu ilikuwa inapotelea njiani.

"Mwanangu, mwambie babu aachie! Umwambie asante!"

Halafu ikaja sauti ya ng'ambo, nzito, iliyokwaruza kwa kutotumika. "Mjukuu wangu, mwambie mama yako, imekuwaje?"

Nikaegemea ukuta. Miaka yote ile, ndilo swali la kwanza aliloniuliza. Nikamweleza mtoto wangu mchanga habari yote ya volti, naye ananivuta hereni. Nikamwambia, mwambie babu kwamba inawezekana swichi imeshika kutu ndani, afungue kifuniko chake kwa bisibisi ya cherehani iliyomo ndani kwake, azikutanishe zile waya mbili kwa mkono. Kengele ikilia kwa nguvu, mkosaji ni swichi. Ikikohoa vilevile, swichi haina kosa.

Kisha: "Mjukuu, muulize mama yako, haziumi?"

"Mwambie babu haziumi! Ningempa zinazouma, ningekuwa mkwe wa namna gani?"

Akacheka. Nilimsikia. Mzee alicheka mpaka akakohoa, na mimi huku nacheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kanga. Nilikuwa nimesikia akicheka na mama mkwe, na watoto, na wazee wenzake wa kanisa. Na mimi, kamwe. Nikatamani swichi ziharibike kila Ijumaa.

Alizikutanisha. Ti-ti, ti. Swichi haina kosa.

Kilichobaki ni waya wenyewe. Nikachuchumaa nikaufuata kwa macho, unapita nyuma ya jiko, unafuata mikakao, unapotelea migombani, mwembamba kama uzi wa kushonea gunia, kwenda na kurudi. Waya mwembamba unaubania umeme, na kadiri unavyorefuka ndivyo unavyoubania zaidi. Mtu yeyote mwenye akili angeuvusha ua moja kwa moja, hatua chache tu, kutoka ukuta wangu mpaka mlango wa mzee. Mimi nimeuzungusha bonde zima ili nisipite mbele ya uso wake. Heshima yangu ndiyo iliyokuwa inakula volti.

Nilimwambia mtoto. Sikujua nimwambieje, nikasema tu, "Mwanangu, mwambie babu waya ni mrefu mno. Umezunguka. Mama yako aliogopa kupita hapo mbele."

Nilisikia kiti kikikokotwa kwenye sakafu.

"Mjukuu, mwambie mama yako apite. Nimegeukia ukutani."

Nilikwenda kuukusanya ule waya migombani huku machozi yananitoka, na nilipopita kaburini nikamsimulia mama mkwe, maana angefurahi kuliko wote. Nikarudi nikaukata. Kwa kuwa njia sasa ni fupi, ulitosha kupita mara mbili, nikaunganisha nyuzi mbilimbili ziwe kama uzi mmoja mnene. Nikachimbia mianzi miwili uani, nikaupitisha juu kwa juu, watoto wasijinyonge nao. Kisha nikajifunika kanga na kwenda mlangoni kwa baba mkwe wangu mchana kweupe.

Alikuwa amekaa amenipa mgongo, uso kwenye ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Shingo yake imekonda. Nami nikageuka, tukawa mgongo kwa mgongo, tukishughulikia mlango mmoja. Nikapenyeza waya juu ya fremu. Mkono wake ukaja nyuma, unapapasa, ukaupokea. Akazifungia nyuzi zake kwenye skrubu za swichi mwenyewe, polepole, huku mimi nikimwambia mtoto kila hatua. Alipomaliza akasema, "Ndaga." Asante. Hakumtaja mjukuu. Nikakimbia jikoni mbio.

"Mwanangu, mwambie babu!"

Ililia. Ililia mpaka jirani akatoka kuuliza kama shule imeungua. Mita ikasoma juu ya kumi.

Jumapili wifi akaja na gari la kukodi na begi tupu la kuwekea nguo za baba yake. Sisi tulikuwa tumetoka ibadani, nimepika wali na samaki wa ziwani. Sikumngoja akae. Nikamwonyesha transfoma, nikamwonyesha mianzi, nikamwambia umeme ukikatika kuna sufuria na mwiko vya kugonga karibu na kiti. Akaenda akabonyeza mwenyewe, akarudi kusikia watoto wakibonyeza, akisikiliza jikoni, chumbani kwangu, hadi nyuma ya choo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikadhani nimeshinda.

Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, akiwa amesimama katikati ya ua ambapo baba yake anasikia: "Wifi, kengele ni nzuri. Ikilia watoto wakiwa shule, baba yuko chini, nani ataingia kumnyanyua?"

Nikasema nitamwita mume wa jirani. Akasema, "Akiwa shambani?" Nikasema nitampigia mume wangu. Akasema, "Yuko Kasumulu." Hakuwa anagombana. Alikuwa anauliza kitu ambacho mimi, na mita yangu yote, sikukipima. Nikatazama chini. Nilisimama kwenye jua nikaona kwamba mzee ataondoka, na kwamba ni kweli, ni afadhali aondoke.

Wifi akachukua begi, akageuka kuelekea mlangoni kwa baba yake.

Kengele ikalia.

Tukadhani ni watoto. Lakini watoto walikuwa wamesimama nasi. Ikaendelea kulia, hakuachia, kinyundo kinapiga sahani bila kupumzika, na wifi akasimama, na jirani akatokeza kichwa kwenye uzio, na mzee alikuwa amekaa kitini mwake, mzima, kidole chake kiko kwenye swichi, anatazama uani. Hakumtazama binti yake. Alinitazama mimi. Wala hakugeukia ukutani.

Nilichelewa kuelewa. Miguu ilielewa kwanza. Nikavuka ua, nikapita mbele ya mlango, nikakanyaga kizingiti, nikaingia. Kanga ilikuwa begani na sikuivuta kichwani. Hapo ndipo alipoachia.

Sikuwa na mtoto mgongoni, alikuwa kwa dada yake. Hapakuwa na wa kutumwa.

"Mwanangu," akasema, "nishike mkono nisimame."

Nikamshika. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.